Stika za anwani zinatoka nje ya mstari: pima kwanza ndiyo uguse pambizo

Swali: Kaka habari, mimi ni katibu wa chama cha akiba hapa Mbale, natakiwa nitume barua za mkutano mkuu kwa wanachama 400 na kitu. Nimetengeneza anwani kwa Mail Merge kwenye Word, stika ni zile za 21 kwenye karatasi moja ya A4, nikaweka PDF kwenye flashi nikaenda kuprinti mtaani. Safu za katikati ziko poa, lakini za juu maandishi yameshuka chini na za chini kabisa yamepanda yanagusa stika ya juu yake. Nikapunguza Top margin, sasa juu ni sawa lakini chini ndo pameharibika kabisa. Nimeshachoma karatasi sita za stika. Nimekosea wapi tena?

Jibu:

Dada, pole kwa hizo karatasi sita, ila umenisaidia sana kwa jambo moja, umeniambia kwamba katikati ni poa, juu inashuka na chini inapanda. Watu wengi wanakuja kwangu hapa Nasser Road wanasema tu "imehama," nikiwauliza imehama kwenda wapi wanasema "imehama tu," na hapo ndo inabidi tuanze kupoteza karatasi upya. Wewe umeshasema ugonjwa wenyewe bila kujua, maana maandishi yakiwa yanakimbilia katikati ya karatasi kutoka pande zote mbili, hiyo siyo pambizo kabisa, hiyo ni karatasi nzima imeprintiwa ndogo kuliko inavyotakiwa. Mahali fulani kati ya flashi yako na ile printa ya mtaani kuna mtu au programu imeamua kupunguza saizi.

Ngoja nikueleze kwa nini nasema hivyo, kwa sababu ukielewa hapa yale mengine yanakuwa rahisi.

Stika zinaweza kukosea kwa namna mbili tu ambazo setingi zinaweza kuzitibu. Ya kwanza, kila stika imehama kiasi kilekile, mfano zote 21 ziko kushoto milimita 3, ya juu milimita 3, ya chini milimita 3. Hiyo ndo kazi ya pambizo, unasogeza upande mmoja na zote zinafuata. Ya pili, kosa linakua unavyoshuka, safu ya kwanza ni sawa, ya pili imehama kidogo, ya saba imehama mpaka inaingia kwa jirani. Hiyo pambizo haiwezi kuitibu hata uisogeze mpaka kesho, kwa sababu pambizo inasogeza zote pamoja, ukitengeneza juu unaharibu chini, ukitengeneza chini unaharibu juu, na hayo ndo yaliyokupata. Kosa linalokua linatoka kwenye hatua, yaani umbali kutoka ukingo wa juu wa stika moja mpaka ukingo wa juu wa ile inayofuata, au linatoka kwenye kuprinti kwa saizi iliyopunguzwa, ambayo inafupisha kila hatua kwa pamoja.

Sasa tuangalie karatasi yako. Karatasi ya A4 ni milimita 210 kwa 297. Stika za 21, tatu kwa upana na saba kwenda chini, nyingi zinazouzwa kwetu zimekatwa kwa vipimo vya ile namba ya Avery inayoitwa L7160, hata kama paketi imeandikwa jina jingine au haina jina. Kila stika ni 63.5 kwa 38.1. Kwenda chini hazina nafasi kati yake, zinagusana, kwa hiyo hatua ni 38.1 vilevile. Kwa upana kuna kanafasi ka milimita 2.5 kati ya stika na stika, hatua inakuwa 66. Ukijumlisha safu saba unapata 266.7, inabaki kama 30 ambayo inagawanywa juu na chini, ndo maana pambizo ya juu ni 15.1.

Programu nyingi za kufungua PDF, ukibonyeza kuprinti, zinakuwa zimeshachagua zenyewe `Fit`, yaani ukurasa upunguzwe mpaka uingie ndani ya eneo ambalo printa inaweza kufikia. Printa nyingi haziwezi kuandika mpaka ukingoni kabisa, zinaacha kama milimita 4 kila upande. Kwa hiyo upana wa 210 unabanwa uingie kwenye 201 na kitu, hiyo ni kama asilimia 96, na ukurasa uliopunguzwa unawekwa katikati ya karatasi. Kwa macho huoni kitu, barua ya kawaida ukiiprinti hivyo hakuna mtu hata mmoja atagundua. Kwenye stika inaonekana. Safu yako ya kwanza inashuka kama milimita 5, ya saba inapanda kama milimita 4, ya nne na ya tano zinabaki karibu palepale. Ukiangalia vizuri nadhani utaona na upande, stika za kushoto maandishi yameingia ndani kama milimita 4 na za kulia yamevutwa kidogo kurudi kushoto.

Wewe ukaona juu pameshuka 5, ukapunguza Top margin 5. Juu pakawa sawa, ila ile safu ya saba iliyokuwa imepanda 4 ikapanda 9. Na stika yenyewe ina urefu wa 38, jina la mtu likipanda 9 linakaa kwa jirani. Kwa hiyo hukuwa mjinga, ulitibu malaria kwa dawa ya minyoo tu.

Kabla hujagusa kitu chochote, usininunulie stika nyingine, tumia karatasi nyeupe za kawaida. Fungua ile faili yenye anwani zote zimeshaingia, bonyeza popote ndani ya jedwali halafu ile alama ndogo ya msalaba kwenye kona ya juu kushoto ili jedwali lote lichaguliwe, kisha `Table Design`, `Borders`, `All Borders`. Angalizo, kuna kitu kinaitwa `View Gridlines`, hiyo inakuonyesha mistari kwenye skrini tu, haitoki kwenye karatasi, usijidanganye nayo. Ukishaweka mistari, tengeneza PDF, printi ukurasa mmoja pale pale ulipoprinti mwanzo, kwa printa ile ile na mtu yule yule. Chukua kalamu andika mshale upande ulioanza kutoka.

Halafu chukua rula ya milimita, siyo ile ya inchi, upime kutoka mstari wa juu wa stika ya kwanza mpaka mstari wa juu wa stika ya saba. Ni hatua sita, kwa hiyo 6 mara 38.1, inatakiwa upate 228.6. Hii namba moja ndo itakuambia mwizi ni nani:

Ukipata kama 219 au 220, ni ile `Fit` niliyosema, na naweka dau hapa ndo utaangukia. Ukipata kama 215, ni mbaya zaidi kidogo, mahali fulani kuna setingi ya karatasi ya Kimarekani, Letter, ambayo ni fupi, 279.4 badala ya 297, na kompyuta imebana A4 yako iingie humo, asilimia 94. Ukipata 228 na nusu hivi, kuprinti hakuna kosa, rudi uangalie vipimo vya stika ndani ya Word. Na kama namba imepungua lakini upana ni sahihi, yaani kutoka ukingo wa kushoto wa stika ya kwanza mpaka ukingo wa kushoto wa stika ya tatu unapata 132 kamili, basi hakuna aliyepunguza ukurasa, ni hatua ya kwenda chini tu iliyoandikwa vibaya. Kupunguza ukurasa kunabana pande zote mbili pamoja, kosa la kuandika linabana upande mmoja.

Ikiwa ni `Fit`, tiba yake ni sekunde tano. Mwambie yule kijana wa pale kwenye dirisha la kuprinti achague `Actual size`, siyo `Fit` wala siyo `Shrink oversized pages`. Kama anaprinti moja kwa moja kutoka Word, kwenye dirisha la kuprinti chini kabisa kuna sehemu imeandikwa `1 Page Per Sheet`, ukiibonyeza unaona `Scale to Paper Size`, hiyo iwe `No Scaling`. Na kwa ile ya Letter, kwenye Word nenda `File`, `Options`, `Advanced`, shuka mpaka sehemu ya `Print`, utakuta `Scale content for A4 or 8.5 x 11" paper sizes`, ondoa alama hapo, halafu angalia kwenye setingi za printa yenyewe karatasi imeandikwa A4. Kompyuta nyingi zinazokuja hapa kwetu mtumba zinakuja na Letter na hakuna mtu anabadilisha mpaka siku ya stika.

Sasa sikiliza hapa kwa makini, hapa ndo watu wanarudi kulia mara ya pili. Ukishaondoa `Fit`, lazima urudishe Top margin ilipokuwa. Ukiiacha ile uliyopunguza, sasa zote 21 zitakuwa zimepanda milimita 5 na utasema nimekudanganya. Futa dawa ya zamani kabla ya kuanza mpya.

Na sijui ulichaguaje stika pale mwanzo, kwa hiyo nitasema na hapo. Kwenye `Mailings`, `Start Mail Merge`, `Labels`, inafungua dirisha la kuchagua. Word ikifungua mara ya kwanza mara nyingi inakuwekea mtengenezaji `Microsoft` au `Avery US Letter`, na mtu anaona "30 Per Page" anasema sawa tu, nitahesabu mwenyewe. Hapana, hizo ni za karatasi ya Kimarekani, hazitakaa kwenye A4 yako hata siku moja. Kwenye `Label vendors` chagua `Avery A4/A5`, kwenye `Product number` tafuta `L7160`. Halafu usibonyeze OK haraka, bonyeza `Details` uhakikishe namba zinafanana na hizi:

```
Top margin:        15.1 mm
Side margin:        7.2 mm
Label height:      38.1 mm
Label width:       63.5 mm
Vertical pitch:    38.1 mm
Horizontal pitch:  66 mm
Number across:     3
Number down:       7
Page size:         A4
```

Kama Word yako inaonyesha inchi usihangaike kupiga hesabu, andika tu `38.1 mm` ndani ya kisanduku na herufi za mm, itabadilisha yenyewe. `Vertical pitch` ndo ile hatua ya kwenda chini, `Horizontal pitch` hatua ya kwenda kulia. Watu wanachanganya urefu wa stika na hatua. Kwenye stika zinazogusana ni namba moja, kwenye zenye nafasi katikati hatua ni urefu pamoja na ile nafasi.

Kama paketi yako siyo za vipimo hivi, na kuna paketi za 21 zinafanana kwa macho lakini zimekatwa tofauti kidogo, basi unapima mwenyewe na kutengeneza `New Label`. Lakini usipime stika moja, tafadhali. Alikuja mteja mmoja wa shule, alipima stika moja kwa rula akaona 37 na kitu, akaandika 37.5, sasa tofauti ya 0.6 ni nani ataiona? Lakini safu ya pili imekosea 0.6, ya tatu 1.2, mpaka ya saba 3.6, na majina marefu yakapanda kwa jirani. Pima kutoka ukingo wa juu wa stika ya kwanza mpaka ukingo wa juu wa stika ya mwisho halafu gawanya kwa 6. Hapo ukikosea nusu milimita kwenye rula, lile kosa linagawanywa na 6 vilevile, linakuwa karibu hakuna. Upana hivyohivyo, ukingo wa kushoto wa ya kwanza mpaka ukingo wa kushoto wa ya tatu, gawanya kwa 2. Pambizo ya juu pima kutoka ukingo wa karatasi mpaka stika ya kwanza, hiyo huna namna, lakini ukikosea hapo zote zinahama pamoja na utarekebisha baadaye.

Kitu kingine kinachowachanganya, ukibadilisha namba kwenye `Details` baada ya kuwa umeshaweka anwani, jedwali lako la zamani halibadiliki kimyakimya. Word inakuuliza kama unakubali ifute yaliyomo, ndiyo, inafuta kweli, inatengeneza jedwali jipya tupu. Usiogope, orodha ya wanachama iko kwenye Excel haiguswi. Weka tena sehemu za anwani kwenye stika ya kwanza tu, jina, sanduku la posta, mji, halafu bonyeza `Update Labels` ili zinakiliwe kwenye nyingine. Stika zote isipokuwa ya kwanza zinatakiwa zianze hivi:

```
«Next Record»
```

Hiyo ndo inayoiambia Word ihamie mwanachama mwingine. Kama haipo utapata mtu mmoja mara 21. Ukimaliza, `Finish & Merge`, `Edit Individual Documents`, ndo upate ile faili ya kuprinti.

Haya, tuseme umefanya yote hayo, umepima 228.6 imetoka, sasa chukua ile karatasi nyeupe yenye mistari uiweke nyuma ya karatasi moja ya stika, mwelekeo uleule wa mshale, uinue dirishani kwenye mwanga. Mistari itaonekana kupitia stika. Hapa sasa ndo unaona kama kuna kuhama kwa kawaida, zote pamoja. Tuseme zote ziko kushoto milimita 2. Usikimbilie setingi bado, printi nyingine nyeupe, halafu nyingine, uangalie zote tatu. Kama zote tatu zimehama 2, ni tabia ya ile printa, basi ongeza `Side margin` kutoka 7.2 mpaka 9.2. Kama moja imehama 2, nyingine 1, nyingine iko sawa lakini imepinda, siyo setingi, ni zile pembe za plastiki kwenye trei hazijabana karatasi. Karatasi inaingia inacheza kama boda kwenye mvua. Zibane mpaka ziguse karatasi bila kuipinda, na kama printa ina mlango wa kulisha kwa mkono tumia huo, karatasi inapita bila kujikunja sana. Hata printa nzuri itacheza milimita 1 hivi, hiyo hakuna setingi itaiondoa, ndo maana huandiki mpaka ukingoni, unaacha nafasi ndani ya stika.

Kwa kusogeza kidogo huhitaji kutengeneza jedwali upya. Kwenye faili la mwanzo, lile lenye sehemu za anwani kabla hazijajazwa, nenda `Layout`, `Margins`, `Custom Margins`, badilisha `Left` au `Top` kwa hizo milimita 2, halafu fanya `Finish & Merge` tena. Kumbuka mwelekeo, ukiongeza `Top` maandishi yanashuka, ukiongeza `Left` yanaenda kulia. Na kwenye kuprinti Word ikikulalamikia kwamba pambizo ziko nje ya eneo la kuprinti, mwambie endelea. Kuna matoleo yanakupa kibonyezo cha `Fix`, usikiguse, kinabadilisha pambizo zako kwa nguvu na stika zote zinahama, na mtu anarudi mwanzo bila kujua ni yeye mwenyewe amefanya.

Siku ukinunua zile za 24, 70 kwa 37, hapo kuna kizuizi. Tatu za 70 zinajaza 210 yote, hakuna nafasi ya pembeni, kwa hiyo ukijaribu kuongeza `Side margin` Word itakukatalia ikisema ukurasa umezidi karatasi. Hapo huhamishi jedwali, unahamisha maandishi ndani yake. Chagua jedwali lote, `Layout` ya kawaida, pale kwenye `Indent` upande wa `Left` weka 5 mm au zaidi. Tena kwenye hizo lazima uweke hata kama hazijahama, maana ile milimita 4 ya ukingoni printa haifiki na herufi ya kwanza ya jina italiwa. Mimi kwa anwani siwapendekezei za 24, za 21 zinasamehe zaidi.

Kuna kitu kidogo kinaiga ugonjwa wako na nikisahau kukitaja utanipigia simu. Safu za jedwali la stika zinatakiwa ziwe na urefu usiobadilika. Bonyeza ndani ya jedwali, kulia, `Table Properties`, `Row`, `Row height is` iwe `Exactly`. Ikiwa `At least`, mwanachama mwenye anwani ya mistari sita anapanua safu yake na wote walio chini yake wanashuka, kwenye ukurasa wake tu. Dalili yake ni kwamba ukurasa wa kwanza uko safi, wa tano umeharibika kuanzia katikati, wa sita safi tena. Kuprinti vibaya kunaharibu kurasa zote sawasawa, anwani ndefu inaharibu mmoja. Ukiweka `Exactly` anwani ndefu itakatwa chini badala ya kusukuma wengine, kwa hiyo punguza fonti mpaka 10 na uondoe ile nafasi ambayo Word inapenda kuweka baada ya kila aya, `Spacing`, `After`, iwe 0.

Na zile karatasi sita, najua unafikiria kuzitumia tena kwa stika zilizobaki nzima. Kama umebandua hata moja usiipitishe kwenye printa ya leza. Mle ndani kuna sehemu ya moto inayokandamiza wino, na stika iliyo jirani na pale ulipobandua inainua kona yake inabanduka humo humo. Mimi niliwahi kuwa mbahili hivyo, karatasi moja yenye stika tisa, ikajizungusha kwenye roli, fundi alikaa nayo siku mbili na kazi zote zikasimama. Kama hujabandua hata moja lakini zimeprintiwa vibaya, haziharibu printa, ila maandishi juu ya maandishi nani atasoma. Afadhali hizo utumie kuandika majina kwa mkono kwenye mafaili ya ofisi.

Kwa hiyo kesho, ukiwa na wanachama 400 na kitu, unahitaji karatasi kama 20 za stika, pamoja na mbili za akiba. Printi nyeupe moja yenye mistari kwanza, pima 228.6, weka dirishani. Ikikaa, ondoa mistari kwa `No Border`, kwa sababu nimeona mtu ametuma barua zote zina vijimstari vyeusi pembeni ya kila jina. Printi stika karatasi moja, iangalie juu na chini, halafu ndo uachie zote 20. Ukipata namba tofauti na nilizotaja, nitumie ile ya kwenda chini na ile ya kwenda kulia, zote mbili, nitakuambia.